Kufuta marudio sio kuunga skrinshoti jamani

Kuna kitu kimenikera wiki hii na naona watu wengi wanakifanya. Mtu ana orodha ndefu ya michango kwenye simu, anapiga skrinshoti huku anaskroli, anatoa maandishi kwenye kila picha, anayabandika yote pamoja, halafu anaenda Excel anabonyeza `Remove Duplicates` na kututumia, eti orodha imesafishwa. Haijasafishwa, imeharibiwa! Na anayeumia ni yule aliyechanga mara mbili, sasa anaonekana kachanga mara moja na hana pa kulalamika kwa sababu orodha "imetoka kwenye simu".

Angalieni mfano huu mdogo. Picha ya kwanza inaishia hivi:

```
Neema 200
Juma 500
Asha 200
Juma 500
```

Ya pili inaanza hivi:

```
Asha 200
Juma 500
Juma 500
Baraka 300
```

Ukibandika tu unapata mistari 8, jumla 2900, na hiyo ni uongo maana Asha na Juma wa katikati wamehesabiwa mara mbili. Ukifuta marudio unabaki na mistari 4, jumla 1200, nao ni uongo, Juma katoa mara tatu na wewe umemwachia moja. Orodha ya kweli ina mistari 6, jumla 2200.

Unaipataje? Usiulize "mstari huu umeshaonekana?", uliza "mkia wa picha ya kwanza unafanana na kichwa cha picha ya pili kwa mistari mingapi mfululizo?" Hapo kwenye mfano jaribu minne, haifanani, jaribu mitatu, Juma-Asha-Juma sio Asha-Juma-Juma, jaribu miwili, Asha-Juma na Asha-Juma, imekubali. Basi unaacha mistari miwili ya mwanzo ya picha ya pili na kubandika iliyobaki. Wale Juma wengine hawaguswi. Kwa anayeandika kodi ni fupi tu:

```python
def unga(a, b):
    for n in range(min(len(a), len(b)), 0, -1):
        if a[-n:] == b[:n]:
            return a + b[n:]
    raise ValueError("hakuna mistari ya pamoja")
```

Huo mstari wa mwisho msiufute tafadhali. Kama hakuna kinachofanana ina maana umeskroli ukapitiliza na kuna watu wamebaki katikati, kwa hiyo programu isimame ikwambie, isibandike kimyakimya.

Nakubali, njia hii nayo ina mahali inapokwama. Picha ya kwanza ikiishia na Juma 500 mara mbili na ya pili ikianza na Juma 500 mara mbili, hao Juma wanaweza kuwa wawili, watatu au wanne, na hakuna hesabu itakayokuambia ni wangapi. Dawa yake iko kwenye kupiga picha. Skroli kidogo, acha kama theluthi ya skrini ijirudie, na hakikisha ndani ya hiyo theluthi kuna mstari mmoja wa kipekee, jina ambalo halijirudii au namba ya muamala. Kama muda au namba ya muamala inaonekana kwenye skrini msiikate, hiyo ndiyo inayomtenganisha Juma wa asubuhi na Juma wa jioni.

Halafu kabla ya kulinganisha toa kichwa cha skrini kile kinachoganda juu, saa, betri, jina la ukurasa, maana kikibaki kila picha inaanza na kitu kilekile na hautapata kufanana popote. Toa pia mstari uliokatwa nusu juu au chini, mzima wake upo kwenye picha ya jirani.

Programu za kusoma maandishi kwenye picha nazo zinachanganya sifuri na herufi O, hapo 500 inakuwa 5OO na mistari inakataa kufanana wakati ni ileile. Watu wanalegeza masharti, wanasema herufi moja ikipishana ni sawa. Kwenye majina sawa, kwenye namba hapana kabisa! 500 na 600 zimepishana tarakimu moja tu na hiyo ni michango miwili tofauti. Rudisha O kuwa 0 kwenye safu ya namba kwanza, kisha dai zifanane kabisa.

Na kama juu ya orodha kuna jumla imeandikwa, jumlisha ya kwako ulinganishe kabla ya kumtumia mtu yeyote. Ikizidi tafuta mistari iliyobandikwa mara mbili pale picha zinapoungana, ikipungua rudi kwenye picha uangalie ni wapi uliskroli haraka.