Mfupa ule hauliwi

"Kama Kutoka 12 inaagiza mwanakondoo, mbona kwenye picha ya meza ya Pasaka ya Wayahudi kuna mfupa mmoja tu?"

Ndugu, kondoo wa Pasaka alikuwa sadaka, na sadaka ilichinjwa Hekaluni Yerusalemu. Warumi walilibomoa mwaka 70, ndiyo maana Wayahudi wakabaki na mfupa wa kuchoma sahanini, ukumbusho wa damu iliyopakwa kwenye miimo ya milango usiku wa kutoka Misri. Tazama kinachofanyika mezani usiku wa Pasaka, wakati wa kusimulia habari za kutoka Misri. Msimulizi huinua mkate usiotiwa chachu, akieleza kwamba unga wa baba zao haukupata muda wa kuumuka. Huinua na mboga chungu, ambazo ni uchungu wa utumwa, kisha watu wanazila kweli, na machozi huwatoka wengine. Lakini mfupa hauinuliwi, isije ikaonekana kuwa ametenga sadaka nje ya Hekalu. Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki hata nyama ya kuchoma hawaigusi usiku huo. Wasiokula nyama huweka bitiruti badala ya mfupa, na hakuna anayewalaumu.

Ukitaka kuona kondoo wakichinjwa hadi leo, tafuta picha za Wasamaria, mlima Gerizimu, karibu na Nablus.