Linganisha dagaa na dagaa, jirani muache

Ninafungasha dagaa wa kichanja hapa Mwanza, pakiti za nusu kilo, na wateja wangu wengi wananipata kupitia stetasi ya WhatsApp. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza: "Mbona Kirumba pale Mwaloni wapo wa bei nafuu?" Swali hili ni la haki kabisa. Anayeuza kwa bei ya juu anadaiwa jibu, na jibu hilo haliwezekani bila kulinganisha. Ninachobishia ni namna wengi wetu tunavyolinganisha.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika hivi: "Achaneni na dagaa wa mchanga wa kwenye magunia ya bluu, njooni mle dagaa wa ukweli." Sikutaja jina la mtu, nikajiona salama. Lakini upande ule tunaouzia, magunia ya bluu yalikuwa ya mama mmoja tu. Kesho yake alinisimamisha njiani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, dagaa wangu uliwala lini ukakuta mchanga?" Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kununua kwake hata sado moja. Nilimwomba radhi na kufuta tangazo. Jioni mteja mmoja akaniandikia: "Kwa hiyo dada, sisi tunaonunua huko tunakula uchafu?" Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta aje kwangu, na nilikuwa nimemtukana yeye pamoja na chungu chake.

Tangu siku hiyo ninataja njia ya ukaushaji, simtaji mkaushaji. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi unapungua na bei inapanda kwa wote. Wakifika mwaloni asubuhi lazima watandazwe haraka. Ukiwatandaza chini, juu ya mchanga au mawe, jua linafanya kazi bure. Ukitaka kichanja, unahitaji nguzo, wavu wa kutandika juu yake, mtu wa kuwageuza, na wavu mwingine pale ule wa kwanza ukichakaa. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei inatoka hapo. Kwa hiyo ninaandika "waliokaushwa chini" na "waliokaushwa kichanjani". Kipimo changu cha neno ni rahisi: je, mwenye bidhaa ile angelikubali neno hilo akilisoma? "Waliokaushwa chini" atalikubali, maana ndivyo alivyofanya. "Wachafu" hatalikubali, na mimi sina ushahidi wa kumshinda.

Picha nazo zinasema. Usipige picha ya meza ya mwenzako, hata ukiziba uso wake, maana turubai, ndoo na rangi ya gunia vinatosha kumtambulisha. Nilichofanya ni kununua magunia matatu ya waliokaushwa chini, kila moja sehemu tofauti, nikayafanya daraja la pili kwenye orodha yangu mwenyewe. Sasa ninalinganisha bidhaa zangu mbili, na nikisema la pili lina mchanga, ninasema juu ya mali iliyo mikononi mwangu.

Kisha nikapima. Kila gunia nilichota gramu 500 baada ya kuchanganya juu, kati na chini, kwa sababu mchanga hushuka, na ukichota juu peke yake unajidanganya. Nilichekecha, nikachagua vijiwe, nikaosha kwenye beseni, nikaacha maji yatulie na kuyachuja kwa kitambaa. Kilichobaki nilikianika hadi kikakauka, nikakipima pamoja na kilichochekechwa. Gunia la kwanza lilitoa gramu 75 zisizolika, yaani asilimia 15. Nakiri nilitamani kuposti namba hiyo usiku uleule. Lakini la pili lilitoa 50 na la tatu 40. Wastani ni gramu 55, sawa na asilimia 11, na hiyo ndiyo namba niliyokuwa na haki ya kuiandika. Wa kichanja, kwa kipimo hichohicho, walitoa gramu 10, yaani asilimia 2. Hata wao si sifuri, na niliandika hivyo.

Siku ile daraja la pili niliuza shilingi 7,000 kwa kilo na la kwanza 9,500. Ukiondoa kisicholika, kilo ya daraja la pili inabakiza gramu 890, kwa hiyo kila kilo inayoingia chunguni inakugharimu kama 7,865. Ya kichanja inakuwa kama 9,694. Tofauti ya 2,500 imeshuka hadi kama 1,830, lakini haikuisha. Wa bei nafuu bado ni nafuu! Hapa ndipo wauzaji wengi tunapokosea, kwa kutaka hesabu iishie na "mwisho wa siku wangu ni rahisi zaidi" hata kama mizani imekataa. Mteja akipima nyumbani akakuta umemdanganya, hatarudi. Pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wanunuzi, na namba ya kubuni ni kupotosha hata kama hukumtaja mtu.

Tangazo lenyewe lilisomeka hivi:

"Nina dagaa wa aina mbili. Waliokaushwa chini, 7,000 kwa kilo: wachekeche na uwaoshe maji matatu, utatoa kama gramu 110 za mchanga na vijiwe kwa kilo. Waliokaushwa kichanjani, 9,500 kwa kilo: utatoa kama gramu 20, maji mamoja yananitosha. Nimepima magunia matatu ya chini na moja la kichanja, wiki hii. Ukiwa na muda wa kuosha, waliokaushwa chini watakufaa na utaokoa hela. Ukipika asubuhi kabla ya kazi, chukua wa kichanjani."

Maneno "wiki hii" na idadi ya magunia siyaachi, kwa sababu namba zinabadilika. Masika yakinyesha, hata wa kichanja hawakauki sawasawa, na dagaa mwenye unyevu anaongeza uzito kwenye mizani na kuota ukungu baadaye. Ukimkunja akapinda badala ya kuvunjika, hajakauka. Siku kama hizo ninapima upya, au ninaondoa tangazo. Na silinganishi kilo na sado. Sado inapima ujazo, kilo inapima uzito, na mchanga unabadilisha vyote viwili kwa namna tofauti. Ukimpa mteja bei ya sado upande mmoja na ya kilo upande mwingine, umemfunga macho.

Nilidhani kumwambia mtu "wa bei nafuu watakufaa" kutaniua kibiashara. Wapo waliochukua daraja la pili na wakabaki nalo. Mama lishe mmoja aliyechukua kilo mbili za kila aina aliniambia waliokaushwa chini anawapika jioni akiwa na msichana wa kumsaidia kuosha, na wa kichanja anawapika alfajiri akiwa peke yake. Mimi sikuwa nimefikiria kwamba chungu kimoja kinaweza kuhitaji wote wawili. Yule mama wa magunia ya bluu naye siku hizi akiulizwa wa kichanja ananiletea wateja wake, na mimi nikiulizwa magunia mazima kwa jumla ninawapeleka kwake, kwa jina lake na kwa ruhusa yake.