Kusoma namba ya gari si kupimwa macho

Binamu yangu anaishi Uingereza, na leseni aliipata bila miwani. Siku ya mtihani mkaguzi alimwonyesha gari lililoegeshwa mbele, akamwambia asome namba yake. Umbali ni mita 20. Akabinya macho, akasoma, wakaingia garini. Angekosea angepewa namba nyingine, na ya tatu wangeipimia umbali kabisa. Akishindwa hiyo, mtihani umekwisha kabla ya gari kuwashwa.

Miezi michache baadaye alikwenda kwa mpima macho kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Kwenye chati akaishia mstari wa 6/18. Sheria ya huko, mbali na ile namba ya gari, inataka 6/12. Maana yake, ukisimama mita 6 usome herufi ambazo jicho zima huzisoma likiwa mita 12. Katika chati nyingi za huko ni mstari wa tano kutoka juu, wenye herufi za urefu wa kama milimita 17.

Sasa piga hesabu. Herufi ya namba ya gari ina urefu wa milimita 79. Ukiitazama ukiwa mita 20, ni sawa na herufi ya milimita 24 hivi ukutani, mita 6 kutoka kwako. Kwa urefu, basi, ni kubwa kuliko ile ya chati. Ongeza jua zuri la mchana na kubinya macho, ambako hupunguza ukungu kwa sababu mwanga unapita kwenye upenyo mwembamba, utaona binamu yangu alivyopita. Tatizo ni kwamba hakuna anayeendesha saa nzima huku amebinya macho, tena usiku, mvua ikinyesha.

Wengi huficha miwani wakidhani itawanyima leseni. Si kweli. 6/12 hiyo inapimwa ukiwa umevaa miwani au lenzi za machoni, na macho yote mawili yakiwa wazi. Ukisoma namba ya gari kwa miwani, unaivaa mtihani mzima, na leseni yako inaandikwa msimbo 01, yaani lazima uivae kila unapoendesha. Wa malori na mabasi ndio wamebanwa zaidi: jicho bora lifike 6/7.5, jingine lisiwe chini ya 6/60, na lenzi ya miwani isizidi nguvu ya +8.

Mimi sina ugomvi na miwani kuhesabiwa. Ugomvi wangu ni na leseni ya binamu yangu, ambayo haina hiyo 01, kwa hiyo polisi akiisoma haimwambii kitu. Wajibu wa kufikia 6/12 anao kila siku, lakini aliyepewa kazi ya kuusimamia ni yeye mwenyewe. Ningekuwa mtunga sheria, ningedai karatasi ya mpima macho kabla ya mtihani. Miwani anayo sasa. Juzi nilipanda naye, nikaikuta kwenye droo ya gari.