Neno "hadi" kwenye pakiti ya mbegu ya maharage

"Kwenye pakiti ya maharage yetu yanayostahimili ukame tumeandika 'hadi kilo 900 kwa ekari', na majaribio yanathibitisha. Mbona wakulima wanasema tumewadanganya?"

Kwa sababu aliyeandika alikuwa anataja kilele, na aliyesoma alikuwa anapiga hesabu ya msimu wake. Jicho la mnunuzi huruka "hadi" na kutua kwenye 900. Halafu juu ya pakiti ileile kuna neno "ukame", kwa hiyo anaelewa kwamba hizo 900 atazipata hata mvua ikikatika. Hakuna sentensi hata moja ya uongo pale, lakini maneno mawili ya kweli yamewekwa jirani na kuzaa ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Muuzaji ana hoja zake, na ni nzito. Mkulima anataka namba. Pakiti isiyo na makadirio ya mavuno ikikaa kando ya inayosema kilo 900, inabaki pale pale. Tena namba hiyo haikutoka hewani, ilipimwa. Tatizo ni jinsi ilivyopimwa, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua kitalu cha majaribio chenye mistari minne ya urefu wa mita 4, nafasi ya sentimita 50 kati ya mstari na mstari. Mistari miwili ya pembeni huachwa, kwa kuwa mimea ya ukingoni hupata mwanga na nafasi zaidi na hupotosha matokeo. Kinachovunwa ni mistari miwili ya kati, yaani mita 4 za mraba. Ili ekari itoe kilo 900, kitalu hicho kinatakiwa kutoa karibu gramu 890. Haifiki hata kilo moja! Kitalu hurudiwa mara tatu au nne na wastani huchukuliwa, ndiyo, lakini gramu 100 zikizidi au kupungua kwenye mzani, huko kwenye ekari zinakuwa kilo 100. Na kitalu hicho kilipandwa kwa kamba, kikapaliwa kwa wakati, na mbegu ambazo hazikuota zikarudishiwa. Shamba la ekari nzima lina kichuguu, lina kona yenye maji yaliyotuama, lina mistari iliyopaliwa wiki mbili baada ya mingine.

Sasa tuishushe namba hiyohiyo hadi kwenye mmea mmoja. Kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 10, ekari hubeba mimea kama 80,000. Kilo 900 zikigawanywa hapo, kila mmea unadaiwa gramu 11 na kidogo. Punje ya gramu 0.4 ikiwa ndiyo kipimo chetu, hizo ni punje 28, yaani maganda 7 yenye punje 4 kila moja. Msimu mzuri, hilo linawezekana kabisa.

Mvua ikikatika wakati wa maua, picha inabadilika. Maharage hupukutisha maua na maganda machanga maji yanapopungua, na joto la usiku likizidi hali huwa mbaya zaidi. Tuseme mbegu yetu nzuri imebakiza maganda 3 yenye punje 3 kila moja, na mimea iliyosimama ni 60,000 badala ya 80,000. Hapo ekari inatoa kilo 216, na pengine chini kidogo kwa sababu punje za mwisho hazijai. Mbegu ya kawaida upande wa pili wa mtaro ikibakiza maganda 2 yenye punje 2, itatoa kilo 96. Kwa hesabu hii mbegu yetu imetoa zaidi ya mara mbili ya jirani yake. Imefanya hasa kazi iliyozalishiwa. Lakini mwenye shamba ameshika pakiti inayosema 900, anatazama magunia yake mawili na kitu, na anaona ameibiwa. Hili ndilo linaloniuma: namba kubwa imeificha sifa ya kweli ya mbegu.

Wapo wanaosema basi namba zote ziondolewe, zibaki siku za kukomaa na nafasi ya kupandia. Sikubaliani nao. Namba ikiondoka kwenye pakiti, ataitaja muuzaji wa dukani kwa mdomo, na ya mdomo haina masharti. Wengine hutaka wigo mpana, "kilo 100 hadi 900", ambao kwa kweli unamkinga mwandishi kuliko unavyomwelekeza msomaji. Wigo una maana pale tu kila ncha yake inapofungwa kwenye hali inayojulikana: mvua iliendelea hadi maganda yakajaa, au ilikatika maua yalipoanza.

Kipimo chenyewe pia kinahitaji kufikiriwa. Anayenunua pakiti ya kilo 2 hana ekari. Ana punje 5,000 za kupanda mita 250 za mraba, sehemu moja ya 16 ya ekari. Ukimwambia kilo moja ya mbegu huzaa kilo ngapi, ataipima mwenyewe kwa ndoo yake. Kwa mfano wetu, ambapo ekari inameza kilo 32 za mbegu, ni kama kilo 28 msimu mzuri na kilo 6 hadi 7 mvua ikikatika wakati wa maua. Gunia lisitumike kabisa, maana ukubwa wake hubadilika kutoka soko hadi soko.

Halafu kuna neno "kustahimili" lenyewe. Mbegu nyingi zinazouzwa kwa jina hilo hukwepa ukame kwa kukomaa mapema, kabla udongo haujakauka. Nyingine hustahimili kweli: mizizi huenda chini zaidi, na mmea unapobanwa hupeleka chakula chake kwenye punje badala ya kukibakiza kwenye majani na shina. Kwa mkulima hizi ni mbegu mbili tofauti. Ya kukwepa haimsaidii sana ukame ukija katikati ya msimu, na mvua ikiwa nzuri mara nyingi huzidiwa na mbegu inayochukua muda mrefu shambani. Pakiti ikiri hivyo. Muuzaji ataogopa kwamba kukiri kunapunguza wateja, na msimu wa kwanza huenda kweli kukapunguza. Ila wanaonunua maharage ya namna hii ni watu waliokwisha kuunguliwa na jua, na kwao sentensi inayotaja kasoro ndiyo inayowafanya waiamini inayotaja faida.

Kwa mbegu ya mfano wetu, iwe ya kukomaa mapema, ningeandika hivi nyuma ya pakiti:

"Hukomaa siku 65 hadi 70. Mvua ikifika hadi maganda yajae, na shamba likipaliwa kwa wakati: kilo 1 ya mbegu huweza kuzaa kilo 20 hadi 28. Mvua ikikatika maua yanapoanza: kilo 6 hadi 7. Haivumilii ukame wa wiki za kwanza baada ya kupanda. Panda udongo ukiwa umelowa vizuri. Msimu wa mvua nyingi, mbegu ya muda mrefu inaweza kuizidi. Maganda yakianza kujaa, hesabu kwenye mimea 10 ya katikati ya shamba: wastani wa maganda 7 ni msimu mzuri, 3 ni msimu wa ukame."

Namba hizo zibadilishwe kwa zile zilizopimwa kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, si ya kituo cha majaribio peke yake, na angalau msimu mmoja kati ya iliyopimwa uwe ule ambao mvua ilikatika.