Maandishi ya video ya wima: chini au katikati?

"Nikiweka maandishi chini, vitufe vinayameza. Nikiyapandisha katikati, yanafunika mikono inayokanda unga. Nifuate lipi?"

Wanaotetea chini wana hoja nzito. Jicho limezoea kusoma chini, kama kwenye filamu, na katika video ya mapishi kazi yote iko mikononi. Maandishi yakikaa juu ya donge, mtazamaji hajui kama unga umelainika au bado unashika vidole. Tatizo ni kwamba sehemu ya chini kwenye Reels na TikTok ina wenyewe: jina la akaunti, maelezo na jina la muziki, na kulia imesimama safu ya moyo, maoni na kushiriki.

Tupime. Fremu ya 9:16 ina pikseli 1080 kwa 1920. Kwa matangazo ya Reels, Meta inashauri asilimia 14 ya juu, 35 ya chini na 6 ya kila upande zisiwe na maandishi. Kinachobaki ni kuanzia pikseli ya 269 hadi ya 1248 kutoka juu, upana wa 950 hivi. Fremu yote ile ndefu, maandishi yanapata kisanduku kinachokaribia mraba! Kwa video ya kawaida naona asilimia 35 imezidi, maana tangazo lina kitufe chake cha ziada. Hata hivyo naifuata, kwa sababu video hiyohiyo naweza kuilipia tangazo baadaye bila kuihariri upya.

Kwa vipimo, basi, wa katikati wameshinda. Nami nilikuwa upande wao mpaka niliporekodi chapati, na "maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja" yakakaa juu ya vidole vyangu. Nilihangaika kuyahamisha kwenye simu jioni nzima kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa kwenye kamera. Nilirekodi tena, bakuli likiwa kati ya pikseli 300 na 950, na meza yenye unga ikijaza chini. Mistari miwili ya maandishi ikapata nafasi kati ya 1000 na 1230. Niliisogeza kushoto kidogo, kwa kuwa safu ya vitufe inakula zaidi ya ile asilimia 6.

Njia hii ina gharama yake. Kwenye status ya WhatsApp, ambako safu ile ya kulia haipo, meza tupu inaonekana kama upigaji mbaya. Na maneno yetu ni marefu: "unapoyamiminia" peke yake linakaribia kujaza mstari mwembamba, kwa hiyo afadhali "mimina maji".

Kabla ya kuitoa kwa watu, ichapishe ukiwa umeweka ionekane kwako tu, ikiwa na maelezo marefu, kisha piga skrinishoti. Herufi ya mwisho ya kila mstari ikigusa moyo au alama ya maoni, punguza neno moja kabla ya kupunguza ukubwa wa herufi.