Kikombe bila kishikio, mimi sinunui

Vijana wengi hapa Kigoma wanaofuatilia hisa kwenye simu wakiona chati imechora kikombe, basi, wananunua. Ukingo wa kulia ukifika usawa wa ule wa kushoto, oda imeshaenda kwa dalali Dar. Kwa maoni yangu hapo ndipo pabaya kuliko pote pa kuingilia.

Chukua hisa ya mfano. Ilikuwa imepanda vizuri hadi shilingi 1,000, ikateremka polepole mpaka 750, ikajizungusha huko chini, kisha ikarudi 990. Safari nzima miezi minne. Kina chake ni asilimia 25, na hicho kinakubalika: William O'Neil, Mmarekani aliyeueneza mchoro huu, alipendelea kina cha asilimia 12 hadi 33 hivi, na muda usiopungua wiki 7. Bei iliyodondoka na kurudi kwa wiki mbili haijachora kikombe.

Sasa, pale 990 wamejaa watu gani? Ni wale walionunua 1,000, wakaumia miezi minne, wakaapa kwamba hela yao ikirudi tu wanatoka. Wakianza kuuza, bei inalegea, tuseme hadi 910. Huko kulegea ndiko kishikio. Kikae wiki moja au mbili, kisishuke zaidi ya asilimia 12 au hapo karibu, na kibaki nusu ya juu ya kikombe, yaani juu ya 875. Ila mimi kwanza natazama idadi ya hisa zinazouzwa kila siku. Ikizidi kupungua bei inapolegea, wenye hamu ya kuuza wanakwisha. Ikiongezeka, kuna mkubwa anatoka, na mimi sina haraka.

Nanunua bei inapovuka kilele cha kishikio, ile 990: hapa naingia kwa 995, tena siku hiyo hisa zilizouzwa ziwe zimezidi wastani kwa asilimia 40 au 50. Ikishapita 1,045, asilimia 5 juu ya hapo, siikimbilii. Ikirudi 915, nauza bila kujadiliana na mtu. Lengo la juu ni kujumlisha kina cha kikombe, 250, nafika kama 1,245, ingawa si ahadi.

Kijana mmoja wa Mwanga alinionyesha chati ya kaunta moja, yaani hisa ya kampuni moja, kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam: "Kaka, hiki kikombe safi kabisa." Umbo lilikuwa zuri kweli. Nikamwambia ashushe macho kwenye nguzo za mauzo chini ya chati. Siku nyingi hazikuwa na nguzo hata moja. Ule mviringo ulichorwa na oda chache ndogo, na kanuni hizi zilitungwa kwa soko la Marekani, ambako wauzaji na wanunuzi hawakosekani. Kwenye kaunta kavu namna ile hata 915 yako ni ya kwenye karatasi, maana siku ya kuuza huenda mnunuzi asiwepo. Hizo mimi nawaachia wanaosubiri gawio.