Nusu iliyompotezea mpwa wangu alama zote

Wiki iliyopita mpwa wangu, yuko mwaka wa pili wa fizikia, alinitumia picha ya karatasi yake ya jaribio. Swali lilikuwa fupi: tungamo la pioni, chembe inayobeba kani ya nyuklia, ni 140 MeV/c², kadiria masafa ya kani hiyo. Yeye kapata femtometa 0.7, kapewa sifuri. Rafiki yake wa dawati moja kapata 1.4, kapewa alama zote. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo mjomba. Hebu nionyeshe nimekosea wapi."

Nimeikagua karatasi mstari kwa mstari, na jibu langu ni kwamba popote alipokosea yeye, rafiki yake naye kakosea. Tofauti yao ni nusu tu. Tena nusu yenyewe binti huyu hakuitunga, kaitoa kwenye notsi zake mwenyewe za kwanta.

Wote wawili wamefundishwa hadithi ile ile, nanyi mnaijua. Protoni inataka kuirushia neutroni pioni, lakini nishati ya kuiumba hana. Basi inakwenda "kukopa" mc² kwa Heisenberg, kwa sharti kwamba deni lilipwe kabla ya muda Δt = ħ/ΔE kwisha. Ndani ya muda huo pioni inakimbia kwa kasi ya mwanga, inafika umbali wa cΔt, na masafa yanakuwa ħ/mc. Ukikumbuka kwamba ħc ni MeV 197 mara femtometa moja, hesabu ni ya mstari mmoja:

R = ħc / mc² = 197 / 140 ≈ 1.4 fm

Mpwa wangu kaanza na ΔE·Δt = ħ/2, kama kanuni ya Heisenberg inavyoandikwa darasani kwake kila siku. Kapata nusu yake. Na angekuwepo wa tatu aliyetumia h kamili badala ya ħ, ambayo ni h gawa kwa 2π, kama vitabu vingi vya zamani vinavyofanya, angepata femtometa 8.9. Majibu matatu, hadithi moja. Huyu msahihishaji alijuaje lipi la kupigia tiki? Alilijua kwa sababu limeandikwa kwenye mwongozo wa kusahihishia. Hadithi yenyewe haina chochote ndani yake kinachochagua kati ya ħ, ħ/2 na h.

Na hilo ndilo tatizo dogo. Tazama huo mkopo kwa karibu. Pioni imekopa mc² kamili, yaani nishati ya kuwepo tu, ikiwa imesimama. Hapo hapo tunaambiwa inakimbia kwa kasi ya mwanga. Kwa nishati ipi? Kitu chenye tungamo hakifiki kasi ya mwanga hata ukikipa nishati ya dunia nzima, na hiki hakikupewa hata senti moja ya nauli. Halafu ukifungua nadharia yenyewe, ile wanayohesabia watu wa kazi hii, utakuta nishati inahifadhiwa kila mahali chembe zinapokutana. Hakuna mkopo na hakuna deni. Chembe ya kati haina tu ule uhusiano wa nishati na mwendo ambao chembe huru inao.

Nakubali, shingo upande, kwamba hoja hii haikuokotwa barabarani. Mwanafizikia Gian Carlo Wick aliitoa kwenye jarida la Nature mwaka 1938, na kama njia ya kupata ukubwa wa jumla inafaa. Ukiwa na ħ, m na c tu, urefu pekee unaoweza kuutengeneza ni ħ/mc, kwa hiyo ni vigumu kwenda mbali na ukweli. Ila makadirio ya namna hiyo hayakupi ruhusa ya kumnyima mtu alama kwa nusu.

Sasa, 1.4 inatoka wapi hasa? Hili linanikera zaidi, maana njia ya kweli ni fupi kuliko hadithi. Anza na mlinganyo ambao mwaka wa pili wote wanao:

E² = p²c² + m²c⁴

Protoni iliyotulia imezungukwa na uga wa pioni uliotulia pia. Uga usiobadilika na wakati hauna mtetemo, na katika kwanta pasipo na mtetemo E ni sifuri. Weka sifuri hapo juu. Unabaki na p² = −m²c², yaani p ni namba ya kufikirika, i mara mc. Mwanafunzi anashtuka, anadhani kaharibu. Hajaharibu. Wimbi la kawaida ni e^(ipr/ħ). Weka hiyo p ndani yake, i mbili zinakutana zinakuwa −1, na wimbi linaacha kupanda na kushuka. Linabaki kufifia tu: e^(−mcr/ħ). Ongeza ile 1/r inayotokana na kusambaa pande zote tatu, kama kwenye umeme, na nishati kati ya chembe mbili inakuwa na umbo hili:

V(r) = −g² · e^(−r/R) / r, ambapo R = ħ/mc na g inapima nguvu ya kani

Basi. Hakuna kasi ya mwanga ya kubandika wala nusu ya kubishania. R ni ule umbali ambao kipengele cha kufifia kinashuka hadi 0.37. Sasa "masafa" yana maana unayoweza kuipima, na maana hiyo si ukuta. Kwenye femtometa 1.4 kimebaki 0.37, kwenye 2.8 kimebaki 0.14, kwenye 7 kimebaki chini ya 0.007. Mwanafunzi anayeandika kwamba kani ya nyuklia "inaishia" 1.4 anakosea zaidi kuliko mpwa wangu, lakini huyo anapewa tiki. Weka m sifuri kwenye mlinganyo huo huo na kufifia kunatoweka, inabaki 1/r tupu. Hiyo ni fotoni, na ndiyo sababu umeme unafika popote. Weka bosoni ya W, GeV 80, unapata femtometa 0.0025.

Na je, tunajua kwamba maumbile yanaitaka 1.4 na si 0.7 wala 8.9? Ile 8.9 inaanguka haraka. Kiini cha atomu ya risasi kina nusu kipenyo cha karibu femtometa 7. Kani ingefika 8.9, kila nukleoni mle ndani, yaani kila protoni au neutroni, ingevutana na karibu zote 207 zilizobaki, na nishati ya kufungamana kwa kila nukleoni ingepanda kadiri kiini kinavyokua. Haipandi. Chuma 56 ni kama MeV 8.8 kwa kila nukleoni, risasi 208 ni 7.9. Kila moja inashikana na majirani zake wa karibu tu. Kwa 0.7 lazima utumie mtawanyiko: unarusha protoni na neutroni kwenye protoni, unachambua pembe zote. Kikundi cha Nijmegen kule Uholanzi kilifanya jambo zuri sana. Katika uchambuzi wao waliliacha tungamo la pioni liwe huru, data zenyewe ziseme. Likatoka lile lile linalopimwa kwa pioni halisi, ndani ya kosa la kipimo. Mkia ule wa kufifia unaonekana kwenye data, na urefu wake ni ħ/mc.

Hideki Yukawa, aliyelianzisha wazo la chembe inayobeba kani ya nyuklia, alikwenda kinyumenyume kule Osaka. Katika makala yake ya 1935 masafa ndiyo yaliyojulikana, kama femtometa 2, na chembe ndiyo haikuwepo. 197 gawa kwa 2 ni kama MeV 100, yaani tungamo la elektroni mara 200. Miaka miwili haikupita, Anderson na Neddermeyer wakaiona kwenye miale ya anga chembe mpya yenye tungamo la karibu hapo hapo. Kila mtu akashangilia. Kumbe ilikuwa muoni, MeV 106, elektroni mara 207, namba iliyolingana na utabiri kuliko hata pioni ya kweli! Conversi, Pancini na Piccioni, walioanza majaribio yao Roma katikati ya Vita Kuu ya Pili, ndio waliomaliza sherehe. Muoni hasi zilizosimama ndani ya kaboni zilikuwa zinaoza zenyewe, wakati chembe ya kani ya nyuklia ilipaswa kumezwa na kiini kabla haijapata nafasi ya kuoza. Pioni yenyewe ilionekana mwaka 1947 kwenye bamba za picha za kikundi cha Powell wa Bristol, elektroni mara 273. Namba kulingana haikuwa ushahidi wa kutosha, na ingekuwa vyema wanaosahihisha kwa kulinganisha namba wakaisoma sura hiyo.

Nisije nikaonekana nauza fomula yangu kama dawa ya kila ugonjwa. Ile V(r) ni umbo rahisi. Kani halisi ya pioni inategemea pia spini za nukleoni zimeelekea wapi. Na ukisogea karibu zaidi, pioni mbili kwa pamoja zinaingia kwa masafa ya 0.7 (ndiyo, ile ile ya mpwa wangu, kwa sababu nyingine kabisa), kisha chembe nzito kama omega, MeV 783, kwenye robo ya femtometa, ambako kani inageuka na kusukuma. Pioni inatawala ukingo wa nje tu.

Kuna swali moja la mwisho ambalo binti yule aliniuliza kwa simu, na ni zuri kuliko swali la jaribio: gluoni, chembe inayobeba kani kali inayofunga kwaki ndani ya protoni, haina tungamo, mbona kani hiyo haifiki mbali kama umeme? Kwa sababu gluoni zenyewe zimebeba ile chaji ya rangi, zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na uga wao hauachwi usambae kwa 1/r. Unafungwa ndani ya protoni. Fomula ya ħ/mc haihusiki hapo kabisa. Kati ya protoni na neutroni kinachopita ni kile kisicho na rangi tu, jozi ya kwaki na antikwaki, na jozi nyepesi kuliko zote ni pioni. Zilizo nzito zinafifia kabla yake.